Meseji ya Mwaloni: Nakala Ngapi, na Ziko kwa Nani

  Leo tunaifuata meseji moja tu. Tutaishika mkono tangu inapobonyezwa mpaka inapofika, na kila inapopita tutauliza: hapa imeacha nini?

Chukua mama mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ni usiku wa giza, mwezi haupo, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa imeingia ziwani na taa zake. Saa 3:10 usiku mama anamwandikia nahodha anayevua upande wa Ukara: "Kaka, dagaa wa leo msiuze kwa mtu mwingine. Nakuja kesho na kivuko. Bei ni ileile ya juzi." Anabonyeza, simu inaandika kwamba ujumbe umetumwa, mama anajifunika shuka na kulala. Nahodha yuko mbali majini, na simu yake kaizima na kuifungia ndani ya kopo la plastiki lisipenye maji.

Sasa niambie, kati ya saa 3:10 usiku na alfajiri, meseji hiyo iko wapi?

Wengi hujibu kwamba "iko hewani". Hapana. Hewani ilikaa kitambo kidogo tu, kutoka simu ya mama mpaka mnara wa jirani. Na kabla hatujaufuata huo mnara, tukumbuke kwamba mtu anayepanda kivuko cha kwenda Nansio akishuka ng'ambo, Mwanza hayupo tena. Meseji haisafiri hivyo. Kila inapopita inanakiliwa, na nakala ya nyuma haiondoki mpaka kitu fulani kiifute. Kwa hiyo nakala ya kwanza ipo palepale Kirumba, ndani ya simu ya mama, na itabaki hapo mpaka mama aifute au simu iharibike.

Mnara wenyewe hauhifadhi meseji. Unaipokea na kuipitisha ndani kwa kampuni ya simu, mpaka kwenye kompyuta inayoitwa kituo cha meseji. Kila laini imeandikiwa namba ya kituo chake. Mwenye kitochi akiingia kwenye mipangilio ya meseji ataikuta, ni namba ndefu inayoanza na +255. Ikikosewa hata tarakimu moja, simu itapiga na kupigiwa kama kawaida lakini meseji zitagoma kutoka. Fundi anayejua kazi huangalia hapo kwanza kabla ya kukuambia ubadilishe simu.

Kituo kikishaipokea meseji kinaiandika kwenye hifadhi yake na kuijibu simu ya mama: nimeipata. Hapo ndipo simu inapoandika kwamba ujumbe umetumwa. Maana yake ni kwamba kituo kimeipata, basi. Nahodha hajaguswa bado. Ugomvi mwingi wa "nilikutumia ukanyamaza" huanzia kwenye neno hilo.

Kituo kinatakiwa sasa kumtafuta nahodha. Kinaiuliza rejista kuu ya mtandao wake, daftari la kompyuta linaloweka habari za kila laini na eneo la minara ilikoonekana mara ya mwisho. Kama nahodha anatumia mtandao mwingine, kinaiuliza rejista ya mtandao huo. Jibu linarudi kwamba laini hii haipatikani. Kituo hakitupi meseji. Kinaiweka foleni, na rejista inatia alama kwenye jina la nahodha kwamba kuna mzigo wake unasubiri. Kwa hiyo usiku ule wote, mama akiwa amelala na nahodha akivuta nyavu, nakala zipo mbili: moja kwa mama, moja kwenye kituo cha meseji. Kwa nahodha hakuna kitu.

Alfajiri mtumbwi unarudi mwaloni. Saa 12:40 nahodha anawasha simu, na simu inajitambulisha kwa mnara. Rejista inaona kwamba mtu wetu amerudi, inakumbuka ile alama, inakiarifu kituo. Meseji inateremshwa, simu ya nahodha inajibu kwamba imeipokea, na kituo kinaitoa kwenye foleni. Ndiyo sababu ukiwasha simu iliyozimwa usiku kucha meseji huingia kwa mfululizo kama mvua ya mawe. Zilikuwa zinasubiri kwa mpangilio.

Zingeweza kusubiri mpaka lini? Kanuni za kimataifa za meseji zinaruhusu muda wa kuanzia dakika 5 mpaka wiki 63, lakini kila kampuni ina kikomo chake, na kwa kawaida ni siku chache tu. Simu nyingi za vitufe zina kipengele cha kuchagua: saa moja, siku moja, wiki, au muda mrefu kabisa unaoruhusiwa. Mvuvi akikaa kambini kisiwani, pasipo mtandao, kupita kikomo hicho, kituo kinaifuta meseji bila yeye kujua kwamba iliwahi kuwepo. Anayeweza kujua ni mama, na kwa sharti moja, kwamba aliwasha ripoti ya kupokelewa. Ripoti hiyo nayo ina mpaka wake. Inathibitisha kwamba simu ya nahodha iliipokea meseji. Kama macho ya nahodha yaliisoma, hilo haliwezi kulisema.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limeshawagombanisha watu kuhusu bei. Meseji inapopita kwenye kituo inapigwa muhuri wa saa: iliingia saa 3:10 usiku. Simu nyingi za zamani huonyesha muhuri huo. Simu janja nyingi huonyesha saa iliyoipokea, yaani 12:40 asubuhi, na ile ya kutumwa unaipata ukifungua maelezo ya ujumbe. Kwa hiyo mama atasema nilikuambia usiku kabla hujamuuzia mwingine, nahodha atasema meseji yako imeingia asubuhi tayari nimeshapima, na wote wawili wanasema kweli. Fungueni maelezo ya ujumbe, saa zote mbili mtazikuta.

Na ukubwa je? Meseji moja ina nafasi ya baiti 140, ambazo kwa herufi za kawaida zinatosha herufi 160. Kiswahili chetu hakina herufi zenye vikorombwezo, kwa hiyo nafasi yote tunaitumia. Ujumbe wa mama, ukihesabu na nafasi zilizo wazi, ni herufi 90. Unaingia kwenye meseji moja na nafasi inabaki. Lakini mama akiongeza kisura kimoja cha kucheka mwishoni, simu inalazimika kubadili namna ya kuandika ujumbe mzima, na nafasi inashuka mpaka herufi 70. Sasa hautoshi. Simu inaukata vipande viwili, kila kimoja na namba yake. Vinasafiri mbalimbali, vinahifadhiwa kituoni mbalimbali, na vinakatwa kwenye kifurushi kama meseji mbili. Kipande kimoja kikichelewa, nahodha anaweza kusoma nusu: anaona "msiuze kwa mtu mwingine" na bei haioni. Ukipokea meseji iliyokatika katikati ya sentensi, usidhani mwenzako kaishiwa na maneno. Mara nyingi kipande cha pili bado kiko foleni.

Tuhesabu. Baada ya asubuhi hiyo, maneno yenyewe yako kwenye simu mbili. Kampuni ya simu inabaki na kumbukumbu ya kutozea malipo: namba gani ilituma kwa namba gani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Je, inabaki na maneno pia? Kazi ya kituo ni kushika na kupeleka, haikulengwa kuwa ghala. Lakini inabidi nikwambie wazi kwamba meseji ya kawaida inapita mle ndani ikiwa wazi. Imefungwa kwa siri pale hewani tu, kati ya simu na mnara. Ikishaingia kwenye mitambo inasomeka, inaweza kuchujwa, na mtandao ukiamriwa kisheria unaweza kuitunza. Ndivyo ilivyokuwa tangu meseji ya kwanza duniani ilipotumwa Uingereza, tarehe 3 Desemba 1992, ikimtakia mtu Krismasi njema. Aliyeibuni hakufikiria kwamba siku moja tutatumiana humo namba za siri za benki.

Na hapa lazima nisimame kidogo kwenye pesa, kwa sababu Mwaloni hapauzwi dagaa tu, wanaumizwa watu pia. Meseji ya muamala inayokwambia umepokea shilingi laki nne na themanini elfu siyo pesa. Siyo hata kumbukumbu kuu ya pesa. Kumbukumbu kuu ni mstari ulioandikwa kwenye seva ya kampuni inayotunza akaunti yako, na meseji ni taarifa iliyotolewa kutoka kwenye mstari huo na kutumwa kwako kama meseji nyingine yoyote. Ndiyo maana unaweza kuifuta na salio lisipungue. Na ndiyo maana tapeli anaweza kuiandika kwa mkono wake, neno kwa neno, na salio lisiongezeke. Ni ndugu wa yule anayekuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu ana subira zaidi. Kijana anakuonyesha simu yake, anasema tazama mama nimeshatuma, na yako kweli inalia. Ipuuze meseji, nenda kwenye kumbukumbu kuu. Wa M-Pesa piga *150*00#, uangalie salio kwa namba yako ya siri. Gunia libaki chini mpaka uone salio limepanda.

Sasa tuhamie WhatsApp. Mama yuleyule, maneno yaleyale, saa ileile 3:10 usiku.

Njia inabadilika. Ujumbe unapanda mnarani kama data ya intaneti, unaingia kwenye mkongo wa mawasiliano mpaka Dar es Salaam, unapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, unafika kwenye seva za kampuni nje ya Tanzania. Kisha unarudi njia yote hiyo. Hata mama na nahodha wangekuwa wamekaa kwenye benchi moja pale Mwaloni, ujumbe ungevuka bahari na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 tuliliona hilo kwa macho. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, na intaneti nchini ikazorota vibaya. Ujumbe ukawa unabaki na kialama cha saa, hautoki. Meseji ya kawaida kati ya Kirumba na Nansio haihitaji nyaya hizo za baharini.

Alama hizo ndizo ramani yako, zisome vizuri. Kialama cha saa maana yake nakala bado ni moja, ndani ya simu yako. Tiki moja ya kijivu, seva imeipata, kwa hiyo nakala ni mbili. Tiki mbili za kijivu, simu ya mwenzako imeipata. Zikigeuka bluu, ameifungua, isipokuwa kama amezima kipengele hicho kwenye mipangilio yake.

Mama ana tiki moja usiku kucha. Ujumbe umelala kwenye seva, lakini umelala umefungwa. Tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga ujumbe ndani ya simu ya mtumaji kwa namna ambayo simu ya mpokeaji peke yake inaweza kuufungua. Seva inaona kwamba kuna mzigo kutoka namba hii kwenda namba ile, wa saa fulani, ukubwa fulani. Maneno haiyaoni. Nahodha akiwasha data asubuhi, mzigo unateremka, simu yake inajibu, na seva inafuta nakala yake. Asipowasha data kwa siku 30, seva inaufuta hivyohivyo, na tiki ya mama inabaki moja milele.

Picha na sauti zina utaratibu wao. Picha ya dagaa waliokauka vizuri haiendi ndani ya ujumbe wenyewe. Simu inaifunga, inaipandisha kwenye seva peke yake, kisha kwenye ujumbe inaweka anwani ya pale ilipo pamoja na ufunguo wa kuifungulia. Ndiyo sababu unaweza kupokea ujumbe ukaona picha ya ukungu na kialama cha kupakua. Ujumbe umefika, picha bado iko kule. Ukingoja muda mrefu mno bila kuipakua utaambiwa haipo tena, mwombe mwenzako aitume upya. Nakala yake ndiyo iliyobaki.

Sasa tuseme mambo yameharibika. Usiku uleule wimbi limepiga, kopo limefunguka, simu ya nahodha imezama. Kesho yake anaenda kwa wakala, anarudishiwa laini yake, ananunua simu ya mkononi mwa mtu. Zile meseji za kawaida zilizokuwa foleni zitamkuta, kwa sababu kituo kinaitafuta namba, simu haikihusu. Zile za zamani zilizokuwa kwenye simu iliyozama zimezama nayo.

Lakini ujumbe wa mama wa WhatsApp, wenye tiki moja, una kisa. Ule mzigo ulifungwa kwa ufunguo wa simu ambayo sasa iko chini ya maji. Simu mpya haina ufunguo huo, hata namba ikiwa ileile. Nahodha anaweza kuona maandishi yanayomwambia kwamba ujumbe unasubiriwa na huenda ikachukua muda. Watu hudhani ni bando limeisha. Kumbe simu mpya imepokea boksi isiloweza kulifungua, au inajua kuna ujumbe wake, na inaomba simu ya mtumaji iufunge upya. Kwa hiyo wa kusaidia hapo ni mama: awashe data, WhatsApp iwe wazi, na simu yake itatumia ile nakala ya kwanza kabisa, iliyobaki Kirumba tangu saa 3:10, kuutuma tena kwa ufunguo mpya. Simu ya mama inaweza pia kumwonyesha taarifa kwamba msimbo wa usalama wa nahodha umebadilika. Kwa mtu aliyepoteza simu hilo ni la kawaida. Kama nahodha hajapoteza simu wala hajabadili, basi mama ampigie amsikie sauti, maana huenda namba yake imesajiliwa mahali pengine na mtu mwingine.

Na mazungumzo ya miezi iliyopita, madeni, bei, picha za mikataba? Yanategemea kama nahodha alikuwa na nakala ya akiba. Kwenye simu za Android WhatsApp hutengeneza nakala kila usiku, kwa kawaida saa 8, na kuiweka ndani ya simu yenyewe, na hutunza za siku chache zilizopita. Hizo nazo zimezama. Iliyo salama ni ile inayopelekwa kwenye akaunti ya Google, au iCloud kwa wenye iPhone, na hiyo haiendi mpaka uwe umeiwasha na uwe na intaneti ya kutosha. Wengi tunaiweka iende kwa Wi-Fi tu, na Ukara Wi-Fi utaitoa wapi? Fungua mipangilio ya gumzo, utaona tarehe ya nakala ya mwisho. Usishangae ukikuta ni ya mwaka juzi, siku uliyokaa kwa ndugu yako mwenye intaneti mjini.

Nakala hiyo ya akiba ina sura ya pili. Ujumbe uliosafiri umefungwa, ukishawekwa akiba Google haulindwi na ufunguo uleule. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuufungia kwa nywila yako mwenyewe, lakini kinga hiyo lazima uiwashe wewe. Usipoiwasha, anayeweza kuingia kwenye akaunti yako ana mlango. Na hata ukiifunga ya kwako, mwenzako uliyemwandikia ana akiba yake, yenye maneno yenu yaleyale, na huna mamlaka nayo.

Hapo tunafika kwenye kufuta, swali linaloulizwa kuliko yote. Ukifuta kwako tu, umeondoa nakala moja. Ukichagua kufuta kwa wote, simu yako haiingii kwenye simu ya mwenzako kwa mkono. Inatuma ujumbe mwingine, unaosema kwa lugha ya mashine: ule wa saa 3:10 uondoe. Agizo hilo nalo linapita seva, nalo linasubiri simu iwake. Una takriban siku mbili na nusu za kulitoa. Likifika, simu yenye WhatsApp halisi inatii. Zile za kuigiza, kama GB WhatsApp, nyingine zimetengenezwa makusudi zisitii, na watu wanazipenda kwa hilohilo. Na hata simu inayotii huacha mabaki: taarifa iliyojitokeza juu ya kioo inaweza kubaki kwenye historia ya taarifa za Android, mtu aliyejibu kwa kunukuu maneno yako anabaki na nukuu, na akiba ya usiku wa jana bado inayo. Kwa meseji ya kawaida hakuna agizo kama hilo kabisa. Ikishafika kwa mwenzako, imefika.

Kwenye kundi hesabu inapanda haraka. Kundi la wachuuzi lenye watu 200: simu yako inatuma mara moja, seva inamwekea kila mwanakundi mzigo wake mpaka auchukue. Kila mmoja anaweza kuunganisha vifaa vingine vinne, kompyuta ya ofisini kwa mfano, na kila kifaa kinapata nakala yake. Tiki mbili kwenye kundi hazitokei mpaka simu ya mwisho ipokee, kwa hiyo mvuvi mmoja aliye Goziba bila mtandao anaweza kuwaacha wote na tiki moja. Ukibonyeza kwa muda ujumbe wako na kufungua maelezo yake, utaona nani ameupata na nani bado.

Telegram, kwa wanaoitumia, ni tofauti. Mazungumzo yake ya kawaida yanakaa kwenye seva za kampuni, na ndiyo sababu ukiingia kwa simu mpya unayakuta yote bila akiba yoyote. Ni raha, na ni nakala nyingine isiyo mkononi mwako. Signal imekwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliidai taarifa za mtumiaji, na ilichoweza kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotumika mara ya mwisho.

Nimeulizwa pia na wanaouza simu zao za zamani pale mjini. Kuondoa laini hakuondoi meseji, siku hizi ziko kwenye simu, laini za zamani ndizo zilizokuwa zikishika chache. Toka kwanza kwenye akaunti ya Google, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani, na kadi ya kumbukumbu itoe ubaki nayo, kwa sababu picha zako huenda ziko humo na wengi huisahau. Ukiacha kutumia namba kabisa, jua kwamba mtandao unaweza kumpa mtu mwingine baada ya muda. Meseji za zamani hazitamfuata. Mpya zitamfuata, pamoja na namba za uthibitisho za benki yako. Kwa hiyo nenda benki na kwenye akaunti zako uandikishe namba mpya kabla hujaiacha laini ya zamani, na kwenye WhatsApp tumia kipengele cha kubadilisha namba ungali na laini zote mbili mkononi.